I2C inaganda, LCD imekwama kwenye saa ileile: Uno + DS3231, resista zipo

#1 · matone_na_bomba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kifaa ni cha kumwagilia kwa matone. Kina Arduino Uno, moduli ya saa ZS-042 (DS3231 yenye betri ya kidonge), LCD 16x2 yenye kibao cha PCF8574 mgongoni (anwani 0x27), na relei moja ya pampu. Nyaya za SDA na SCL hazifiki sentimita 20, umeme ni volti 5.

Kinafanya kazi vizuri siku mbili tatu, halafu kinaganda. LCD inabaki inaonyesha saa ileile na pampu inabaki katika hali iliyokuwapo. Nikibonyeza RESET, Serial Monitor inaandika mstari wangu wa kwanza, "Naanza", kisha inaishia kwenye `lcd.init()`. Nikichomoa USB na kurudisha, LCD inatoa vile viboksi vyeusi vya mstari wa juu basi, haiendelei. Kinachoponya ni kimoja tu: nichomoe USB pamoja na betri ya kidonge, nisubiri kidogo, nirudishe.

Tatizo ni nini?

#2 · waya_mwekundu

Resista za kuvuta juu hazipo, hilo ni kosa la kila siku. SDA na SCL haziwezi kupanda zenyewe, kila chipu kwenye laini inaweza kuvuta chini tu. Weka 4.7k toka SDA kwenda 5V na nyingine toka SCL kwenda 5V, umemaliza. Zile za ndani ya Uno ni kati ya 20k na 50k, ni dhaifu mno.

#3 · kidonge2032

Betri imekufa hiyo. Mwenyewe umesema ukiitoa inapona. Nunua mpya.

#4 · matone_na_bomba

@kidonge2032 betri ina volti 3.1 na saa haipotezi muda hata nikizima usiku kucha. Sidhani.

@waya_mwekundu moduli zote mbili zinakuja na resista zake. Nimezima kila kitu, nimetoa betri, nikapima kati ya SDA na 5V: 2.3k. SCL na 5V vilevile. Niongeze nyingine?

#5 · mama_milivolti

Usiongeze. 2.3k maana yake ni 4.7k mbili sambamba, moja ya saa na moja ya LCD, na kwa nyaya za sentimita 20 zinatosha sana. Chipu ya I2C ya kawaida inaahidi kuvuta chini miliampea 3 huku laini ikibaki chini ya volti 0.4. Kwa volti 5 hiyo ni (5 − 0.4) / 0.003, yaani kama omu 1,530. Ukishuka chini ya hapo kwa kurundika resista, chipu inashindwa kuifikisha laini kwenye sifuri ya kweli, na utakuwa umejitengenezea ugonjwa wa pili.

Sasa usiguse waya wowote mpaka kigande tena. Kikishaganda, kiache na umeme wake, weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye GND, upime SDA kisha SCL. Usibonyeze RESET, usichomoe kitu. Leta namba zote mbili.

Dalili moja tayari inanipa picha: kuzima umeme hakusaidii, kutoa betri kunasaidia. Ila nisitangulie kipimo.

#6 · lakeside_esp

Naomba niingilie hapa, maana yangu ni kama hiyo hiyo. Niko na ESP32 na BME280, lakini si moduli, ni chipu yenyewe nimeilehemu kwa bodi niliyochora. Cable ya mita 3 hadi nje. Nikiskani anwani, mara naona 0x76, mara sioni kitu, mara naona anwani kumi na mbili ambazo hazipo. Nimepima SDA na SCL kwa mita, zote 3.3V, kwa hivyo resista si shida. Nimetumia zile za ndani ya ESP32. Hii pia ni chipu imeganda?

#7 · mama_milivolti

@lakeside_esp hapana ndugu, yako ndiyo ile ya @waya_mwekundu. Wewe huna resista.

Mita inakuonyesha laini ikiwa imetulia, na laini iliyotulia itafika 3.3V hata kwa resista ya 45k, ambayo ndiyo kadirio la ile ya ndani ya ESP32. Shida ni mwendo wa kufika huko. Kila waya una uwezo wa kushika chaji kidogo, na resista ndiyo inayoujaza. Kebo ya mita 3 pamoja na chipu tuseme ni pikofaradi 200. Muda wa laini kupanda toka asilimia 30 hadi 70 ni:

```
t = 0.8473 x R x C
45k,  200 pF : 7.6 us
4.7k, 200 pF : 0.8 us
2.2k, 200 pF : 0.37 us
```

Kwa 100 kHz, mpigo mzima wa SCL ni maikrosekunde 10, na nusu yake tu ndiyo ya juu. Kwa 45k laini inaanza kupanda, na kabla haijafika inashushwa tena. Chipu inasoma moja kama sifuri au inakosa mpigo, ndiyo maana majibu yako hayafanani. Kiwango kinaruhusu maikrosekunde 1 kwa 100 kHz na 0.3 kwa 400 kHz. Weka 2.2k mbili kwenda 3.3V (si 5V!), ubaki 100 kHz. Kwenye kebo usizisokote SDA na SCL pamoja: sokota kila moja na waya wa GND, au ziwe na GND katikati.

Ukitaka kuthibitisha kabla ya kulehemu, shusha kasi: `Wire.setClock(10000)`. Skani ikitulia kwa 10 kHz na kuvurugika kwa 100 kHz, ujue laini inapanda polepole.

#8 · waya_mwekundu

Si nilisema resista 😀

#9 · matone_na_bomba

Kimeganda leo asubuhi. SCL volti 4.97. SDA volti 0.07.

Nilichogundua zaidi: kiliganda sekunde ileile niliyofungua Serial Monitor.

#10 · mama_milivolti

Hapo sasa. Soma namba hizo taratibu.

SCL iko juu, kwa hiyo resista zake zipo na hakuna anayeishika. SDA iko 0.07. Laini isiyo na resista haikai 0.07 kwa uthabiti namna hiyo. Inaelea, mita inaonyesha chochote na ukisogeza mkono inabadilika. Wewe una 2.3k inayoivuta juu, na bado iko chini. Kuna chipu imeishika.

Na sababu umeiona mwenyewe. Ukifungua Serial Monitor, kompyuta inaitikisa DTR na Uno inajiriseti. Uno ikiriseti katikati ya kusoma saa, inaachia SDA na SCL, lakini DS3231 haijui. Yenyewe ilikuwa inatoa baiti, imefika kwenye biti ya sifuri, imeshusha SDA na inasubiri mpigo unaofuata wa SCL ili itoe biti nyingine. Mpigo hauji. Upande wa pili Uno imeamka, inataka kuanza mazungumzo, inaona SDA iko chini, inahesabu kuwa laini ina mtu, inasubiri. Wawili wanasubiriana, na hakuna atakayechoka.

Saa ndiyo mshukiwa mzuri kwa sababu data zake karibu zote ni sifuri. Dakika 05 ni `00000101`, siku ya wiki 3 ni `00000011`. Ukiikata popote, uwezekano mkubwa utaikuta imeshusha SDA.

Na betri: DS3231 inaendelea kusikiliza I2C ikiwa na VCC au VBAT. Ukichomoa USB, kila kitu kinasahau isipokuwa yenyewe. Karatasi ya data ya chipu inalisema jambo hili wazi, na inataja dawa pia.

Ila tusihukumu kwa mshukiwa mzuri. Kwanza thibitisha kuwa ni saa na si LCD wala Uno yenyewe. Chukua resista ya omu 100, iweke kwenye waya wa SDA unaoingia kwenye moduli ya saa tu, mfululizo. Iache humo, haisumbui mawasiliano. Kikiganda tena, pima SDA pande zote mbili za hiyo resista. Upande wenye volti ndogo ndiko mkono ulioishika laini uliko.

#11 · kidonge2032

Kwa nini asichomoe tu moduli moja moja aone ipi inaachia?

#12 · mama_milivolti

Anaweza, lakini achomoe SDA tu, SCL asiiguse. Ukigusa waya wa SCL kwenye bredibodi, mguso wenyewe unatoa mipigo kadhaa, chipu inaihesabu kama mipigo ya kweli, inaendelea na biti zake na kuachia SDA. Ugonjwa unapotea mbele ya macho yako na hujui uliponaje. Wengi wanaosema "niligusagusa nyaya ikapona, ni bredibodi mbovu" ndilo lililowapata.

#13 · matone_na_bomba

Nimeweka omu 100. Nimefungua na kufunga Serial Monitor mara nyingi, na kwenye mara ya 30 na kitu kimeganda. Upande wa saa 0.06, upande wa Uno na LCD 0.17.

#14 · mama_milivolti

Ni saa. Ile 4.7k ya LCD inapitisha kama miliampea 1 kupitia omu 100 yako kuelekea kwenye saa: hiyo ni volti 0.1. Kidogo kilichozidi kinatoka kwenye resista za ndani ya Uno. Ingekuwa LCD au Uno ndiyo iliyoshika, upande wa saa ndio ungekuwa juu.

#15 · waya_mwekundu

Basi dawa ni hii, maktaba ya Wire ina kikomo cha muda, weka kwenye `setup()` na haitaganda tena:

```
Wire.begin();
Wire.setWireTimeout(25000, true);
```

Na kama SDA iko chini, piga SCL mara 9 kwa `pinMode(SCL, OUTPUT)`, kisha `digitalWrite(SCL, HIGH)` na `LOW` kwa zamu. Nimeitumia, inafanya kazi.

#16 · mama_milivolti

@waya_mwekundu umekaribia kwa yote mawili.

Kikomo cha muda aweke, tena ni lazima, maana bila kukiita kwa makusudi maktaba ya Uno inasubiri milele. (Matoleo ya zamani hayana kabisa, kodi ikikataa kukompaili hapo, asasishe Arduino AVR Boards.) Lakini hicho kinairiseti sehemu ya I2C ya Uno tu. Saa bado imeshika SDA. Kifaa hakitaganda, kitaendelea bila saa na bila LCD, na `endTransmission()` itakuwa inarudisha 5 kila mara. Kwa pampu hiyo si nafuu: programu inaendelea kuamini saa ya mwisho iliyosoma.

Mipigo 9 ndiyo yenyewe. Ila usipige SCL kwa kuisukuma juu na `HIGH`. Kama kuna chipu inaishika SCL chini, Uno inasukuma 5V moja kwa moja kwenye transista iliyofunguka kwenda GND, na kwenye laini hiyo hakuna wa kuizuia. Juu iachiwe resista. Wewe shusha au achia. Kwenye Uno, `pinMode(x, INPUT)` inafuta pia ile resista ya ndani, kwa hiyo kubadili `INPUT` na `OUTPUT` peke yake kunatosha:

```
byte fungua() {
  pinMode(SDA, INPUT);
  pinMode(SCL, INPUT);
  delay(2);
  if (digitalRead(SCL) == LOW) return 255;
  byte n = 0;
  while (digitalRead(SDA) == LOW && n < 9) {
    pinMode(SCL, OUTPUT);
    delayMicroseconds(5);
    pinMode(SCL, INPUT);
    delayMicroseconds(5);
    n++;
  }
  if (digitalRead(SDA) == LOW) return 254;
  pinMode(SDA, OUTPUT);
  delayMicroseconds(5);
  pinMode(SDA, INPUT);
  return n;
}
```

Iite kabla ya `Wire.begin()` na kabla ya `lcd.init()`, na uichapishe: `Serial.println(fungua());`. Ukitaka kuiita katikati ya kazi baada ya kikomo cha muda kugonga, tangulia na `Wire.end()`, kisha `fungua()`, kisha `Wire.begin()` na `setWireTimeout` tena.

Kwa nini 9? Ikiwa imekatwa mwanzoni mwa baiti, saa ina biti 8 za kutoa, na ya tisa ni zamu ya masta kusema "nimepokea". Sisi hatushushi SDA hapo, kwa hiyo saa inasoma kuwa hakuna aliyepokea na inaachana na kusoma. Popote ilipokatwa, ndani ya mipigo 9 SDA itapanda mara moja. Hapo unashusha SDA huku SCL iko juu, halafu unaiachia: kwa saa hiyo ni alama ya kuanza ikifuatwa na alama ya kumaliza, na kumbukumbu ya mazungumzo ya zamani inafutika.

Ikirudi 255, SCL ndiyo iliyoshikwa (au haina resista), na hapo mipigo haipo ya kupiga. Ikirudi 254, mipigo 9 imeshindwa: tafuta shoti, au chipu iliyoungua.

#17 · bibi_baiti

Swali la pembeni kwa @mama_milivolti. Ukichomoa USB, 5V inashuka, SCL inashuka nayo. Ukirudisha, SCL inapanda. DS3231 iko hai kwa betri muda wote huo. Si atakuwa amehesabu mpigo mmoja? Basi kuzima na kuwasha mara nane tisa kungetakiwa kumponya.

#18 · mama_milivolti

Swali zuri, na kwa hesabu uko sahihi. Ila sidhani utapata mpigo mmoja safi. 5V ya Uno inashuka polepole kwa sababu ya kapasita, laini inapita katikati pale ambapo si juu wala chini, na hapo chipu inaweza kuhesabu mmoja, mitatu au usihesabike hata mmoja. Tena ikishafika kwenye biti ya moja, SDA na SCL zinapanda pamoja na umeme, na kipi kimetangulia ndicho kinaamua kama hiyo ni alama ya kuanza au si kitu. Nisingeifanya kuwa dawa. Mwenye lojiki analaiza na moduli ya ziada atuoneshe.

#19 · bibi_baiti

Ninayo analaiza, moduli ndiyo sina. Nikipata nitarudi.

#20 · lakeside_esp

2.2k nimeweka. Skani sasa ni 0x76 kila mara, mara 200 bila kukosa. Kwa 400 kHz bado inakosa moja moja. Na ile hesabu yenu inasema 0.37, kikomo ni 0.3, kwa hivyo sawa tu, nabaki 100. Asanteni. Lakini sensa inasoma nyuzi 3 zaidi ya kipimajoto cha kawaida, hiyo nayo ni resista?

#21 · mama_milivolti

Hiyo si I2C. Fungua uzi wako, ueleze chipu iko umbali gani na ESP32 na kama imefungwa kwenye boksi.

#22 · matone_na_bomba

Majibu. Nimeipakia na kuiriseti Uno kwa makusudi kama mara 300, huku nikisoma saa mfululizo bila `delay` ili niikate vizuri. Mara nyingi inachapisha 0, lakini imeshachapisha 1, 2, 3, 5 na 6. Haijaganda hata mara moja, wala haijatoa 254 au 255. Betri sijaigusa.

Kilichobaki: pampu ikizimwa, mara mbili Uno imejiriseti yenyewe. Inafunguka vizuri sasa, lakini nadhani si sawa.

#23 · waya_mwekundu

Relei inakula 5V ya Uno? Koili ya relei za 5V ni miliampea 70 hivi, si nyingi, lakini pampu ikikatwa inatupa mshindo wa umeme. Ipe relei umeme wake, na kama pampu ni ya DC weka dayodi kwenye mota, mstari upande wa chanya. GND unganisha sehemu moja.

#24 · mama_milivolti

Nakubali, dayodi kwanza. Na soma saa mara moja kwa sekunde, si mfululizo. Kusoma baiti 7 kwa 100 kHz kunachukua karibu milisekunde 1, kwa hiyo riseti ya bahati mbaya itaikuta saa katikati ya neno mara moja kati ya elfu hivi, badala ya karibu kila mara. `fungua()` ibaki hapohapo hata hivyo.

#25 · kidonge2032

Tukiwa kwenye betri: hiyo ZS-042 ina dayodi na resista ya kuchaji. Kama ulichoweka ni CR2032 ya kawaida na unaiendesha kwa 5V, unaichaji betri isiyochajika. Tazama kama imevimba.

#26 · matone_na_bomba

Ni CR2032. Haijavimba bado. Ninyofoe kipi, dayodi au resista?

#27 · kidonge2032

Chochote kati ya viwili, ziko mfululizo. Resista ya 200 ni rahisi, imeandikwa 201, iko jirani na dayodi ya kioo. Ila toa betri kwanza kabla hujaweka pasi, na ujue saa itabidi uiseti upya.